Mzigo Umeshuka Desemba, Ankara Imetoka Januari: VAT Ni Asilimia Ngapi?

Wengi wenu mnaokubali malipo ya simu dukani mmewahi kutuuliza swali hili kwa njia tofauti. Kiwango cha VAT kikibadilika katikati ya oda, yaani mzigo mmoja umeshushwa kabla ya tarehe ya mabadiliko, mwingine baada, na pesa zimeingia vipande vipande, je, ankara iandikwe asilimia ngapi? Leo tutalijibu kwa mfano mmoja, hatua kwa hatua, na hesabu zote ziko hapa chini ili uzirudie na kikokotoo chako.

Kwanza tukumbushane tarehe zenyewe. Kenya imepitia jambo hili mara mbili ndani ya miezi tisa. Kiwango cha kawaida cha VAT kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, wakati serikali ilipokuwa ikijaribu kupunguza makali ya korona. Kisha kikarudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021. Mara ya kwanza mteja alifaidika kwa kuchelewa. Mara ya pili alifaidika kwa kuwahi. Hiyo ya pili ndiyo iliyoleta kelele nyingi madukani, kwa sababu Desemba kila mtu alitaka kulipia mapema, na wenye maduka nao walikuwa wamefunga hesabu kwenda ushago.

Mfano wetu ni wa kutunga lakini tarehe za kodi na sheria ni za kweli. Tuseme kuna hadwea pale Kitengela, imesajiliwa kwa VAT. Mteja wake ni mama anayejenga nyumba za kupangisha karibu na mji wa Kajiado, takriban kilomita 50 ukifuata barabara ya Namanga. Kabla ya Krismasi 2020 wanakubaliana kotesheni ya vifaa vya KSh 650,000 bila VAT, vitakavyopelekwa kwa lori mara tatu. Mzigo wa kwanza ni saruji na vyuma, KSh 200,000. Wa pili ni mabati na mbao, KSh 300,000. Wa tatu ni vigae na rangi, KSh 150,000.

Halafu mambo yakaenda hivi. Mzigo wa kwanza ulishushwa Kajiado tarehe 29 Desemba, kwa mkopo, mama hakulipa hata shilingi siku hiyo. Tarehe 30 Desemba alilipia mzigo wa pili kwa simu, mara mbili KSh 150,000, na kesho yake akamalizia KSh 42,000. Usiku huohuo wa tarehe 31, kabla ya fataki, akatuma KSh 100,000 za kuanzia mzigo wa tatu. Duka lilifunguliwa tarehe 5 Januari 2021. Karani akakusanya kila kitu kwenye ankara moja ya tarehe hiyo: KSh 650,000, VAT asilimia 16, KSh 104,000, jumla KSh 754,000. Mzigo wa pili ulifika tarehe 6, wa tatu tarehe 11.

Mama alipoiona ankara alipiga simu. "Kijana wangu, mimi nililipa mwaka jana. Hiyo kumi na sita imetoka wapi?"

Karani akamjibu vile wengi wangejibu: "Mama, ankara ni ya Januari, na Januari ni kumi na sita."

Nani yuko sawa? Mama, kwa sehemu kubwa.

Tarehe inayohesabika

Karani alidhani tarehe ya ankara ndiyo inayoamua kiwango. Sheria ya VAT ya 2013 haisemi hivyo. Kifungu cha 12 kinatumia kitu kinachoitwa wakati wa mauzo, na wakati huo ni tarehe ya tukio linalotangulia kati ya haya: siku bidhaa zilipofikishwa au huduma ilipofanywa, siku ankara ilipotolewa, au siku malipo yalipopokelewa, yote au sehemu. Kwa kazi za ujenzi zinazosimamiwa kuna tukio la nne, nalo ni siku msanifu majengo, mpima au msimamizi alipotoa cheti cha kazi. Hadwea yetu inauza vifaa tu, kwa hivyo hilo la nne tuliweke kando.

Neno la kushika hapo ni "linalotangulia". Huchagui tukio unalolipenda. Unaziweka tarehe zote mezani, unachukua ya kwanza kabisa, na kiwango kilichokuwa kikitumika siku hiyo ndicho kinachobaki na mauzo hayo hata ankara ikitoka mwezi mmoja baadaye.

Kuna jambo lingine ambalo karani wetu alilisahau. Sheria inamtaka muuzaji aliyesajiliwa atoe ankara ya kodi wakati wa mauzo. Kwa hiyo ankara ya mzigo wa kwanza ilipaswa kutoka tarehe 29 Desemba, lori lilipokuwa likishusha. Kuichelewesha hadi Januari hakukubadilisha kiwango, kulivunja utaratibu tu na kumchanganya kila mtu.

Sasa turudi kwenye mizigo, mmoja mmoja. Ndiyo maana tulitaka kotesheni ionyeshe thamani ya kila mzigo peke yake. Kama ingekuwa imeandikwa "vifaa vya ujenzi, KSh 650,000" na basi, hesabu inayofuata ingekuwa ya kubahatisha.

Mzigo wa kwanza: lori lilitangulia

Tarehe tatu za mzigo huu ni 29 Desemba ya kushusha, 5 Januari ya ankara, na malipo ambayo bado hayajaja. Ya kwanza ni 29 Desemba. Kiwango ni asilimia 14. VAT ni KSh 28,000 na mama anadaiwa KSh 228,000. Haijalishi kwamba analipa Januari, wala haijalishi akichelewa mpaka Machi.

Ushahidi wa tarehe hiyo ni ile karatasi anayosainiwa dereva akishusha. Hapa tunawaomba mwe wakali kidogo. Karatasi nyingi tunazoziona zina saini bila tarehe, au tarehe iliyoandikwa dukani asubuhi lori lilipokuwa likipakia. Fikiria lori limetoka Kitengela saa kumi jioni tarehe 31 Desemba, likaharibika karibu na Isinya, na likafika Kajiado asubuhi ya mwaka mpya. Kama makubaliano ni mzigo umfikie mteja kwenye mjengo, basi umefikishwa tarehe 1 Januari, na karatasi yenye tarehe ya kupakia inadanganya. Kama makubaliano ni mteja achukue mwenyewe kwa usafiri wake, basi anakabidhiwa pale getini Kitengela na tarehe ya kupakia ni sahihi. Kwa hiyo aliyepokea ndiye aandike tarehe, kwa mkono wake, pembeni ya saini yake.

Mzigo wa pili: pesa zilitangulia

Hapa lori lilifika tarehe 6 Januari na ankara ni ya tarehe 5, lakini pesa zilikuwa zimeshaingia zote. KSh 300,000 ukiongeza asilimia 14 ni KSh 342,000, na ndizo mama alizotuma: 150,000, 150,000 na 42,000. Hakuna kilichobaki. Tukio la kwanza ni malipo, tarehe 30 na 31 Desemba, kwa hiyo kiwango ni asilimia 14 na VAT ni KSh 42,000.

Huenda unajiuliza kwa nini hakutuma mara moja. Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango cha juu cha muamala mmoja wa simu hadi KSh 150,000 mnamo Machi 2020, na akaunti ya simu haikuweza kubeba zaidi ya KSh 300,000. Malipo makubwa ya vifaa vya ujenzi yalilazimika kuja vipande. Siku za kawaida hilo ni usumbufu tu. Usiku wa kuamkia mabadiliko ya kodi, kipande cha mwisho kinaweza kuvuka saa sita kikaangukia upande mwingine, kwa hivyo angalia tarehe ya kila ujumbe, usiangalie wa kwanza peke yake.

Jambo hili tunalikuta mara nyingi katika vitabu vya wafanyabiashara, na linahusu huduma yetu moja kwa moja. Pesa zikiingia kwenye Till au Paybill yako usiku wa tarehe 31 Desemba, umezipokea tarehe 31 Desemba. Siku utakayozihamishia benki ni habari nyingine. Wapo wanaoandika vitabu kwa kufuata taarifa ya benki peke yake, na kwa sababu wanahamisha pesa mara moja kwa wiki, malipo ya Desemba yanaonekana kama ya Januari. Mhasibu anayeletewa taarifa hiyo ya benki hana namna ya kujua. Mletee pia taarifa ya miamala ya Till au Paybill, ile yenye saa, namba ya muamala na kiasi, uliyoipakua kwa mwezi mzima.

Tatizo lingine ni kujua pesa ilikuwa ya nini. Paybill ina sehemu ya namba ya akaunti, na mteja anaweza kuandika pale namba ya kotesheni au neno kama MZIGO2. Till haina sehemu hiyo. Kama unatumia Till, mwambie mteja akutumie ujumbe wa WhatsApp papo hapo: "Nimetuma 150,000 ya mabati na mbao." Bila hivyo, ukiwa na deni la mzigo wa kwanza na malipo ya mbele ya mzigo wa pili kwa wakati mmoja, mtu yeyote anaweza kusema KSh 228,000 kati ya zile pesa zililipa deni la saruji kwanza. Hapo mzigo wa pili ungekuwa umelipiwa sehemu tu kabla ya mwaka kwisha, na hesabu yote ingebadilika. Mama wetu, kwa bahati nzuri, aliandika.

Mzigo wa tatu: sehemu hapa, sehemu kule

Huu ndio mgumu, na tutakaa nao kidogo. Mama alituma KSh 100,000 tarehe 31 Desemba. Ankara ni ya tarehe 5 Januari, mzigo ukafika tarehe 11, na salio halijalipwa.

Kifungu cha 12 kinasema malipo yaliyopokelewa "yote au sehemu". Kuna usomaji wa aina mbili. Wa kwanza unasema ile sehemu iliyolipwa Desemba ndiyo inayochukua kiwango cha Desemba, na salio linafuata tukio lake, yaani ankara ya Januari. Wa pili unasema malipo ya sehemu yanatosha kuvuta mzigo mzima hadi tarehe hiyo, kwa hiyo KSh 150,000 zote zinatozwa asilimia 14. Maneno ya kifungu yanaweza kubeba usomaji wote mawili, na mteja mwenye wakili mzuri atataka wa pili.

Sisi tungegawa, na sababu yetu ni ya kivitendo. Kiwango kilikuwa kinapanda. Ukigawa na baadaye ionekane ungeweza kutoza 14 kwa mzigo wote, tofauti ni ndogo na unaweza kumrudishia mteja. Ukitoza 14 kwa mzigo wote na mkaguzi asikubali, hiyo asilimia mbili ya salio inatoka mfukoni mwako, pamoja na faini ya kuchelewa kulipa ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mama wa Kajiado huwezi kumpigia baada ya miaka miwili umwambie aongeze. Kama kiasi ni kikubwa, usitegemee blogu, hata hii yetu. Iandikie KRA uulize kwa maandishi kabla ya kutoa ankara, na uweke jibu kwenye faili.

Sasa hesabu ya kugawa. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kuchukua asilimia 14 ya KSh 100,000 na kupata KSh 14,000. Lakini pesa aliyotuma mama tayari ina VAT ndani yake. KSh 100,000 ni thamani ya bidhaa pamoja na kodi, yaani sehemu 114, na kodi ni sehemu 14 kati ya hizo:

```
100,000 × 14 ÷ 114 = 12,280.70
100,000 − 12,280.70 = 87,719.30
```

Kwa hivyo malipo ya Desemba yamelipia bidhaa za KSh 87,719.30 na kodi ya KSh 12,280.70. Thamani iliyobaki kwenye mzigo wa tatu, na kodi yake kwa kiwango cha Januari, ni:

```
150,000 − 87,719.30 = 62,280.70
62,280.70 × 16% = 9,964.91
```

Salio la mzigo wa tatu ni KSh 72,245.61. VAT ya mzigo mzima ni KSh 22,245.61.

Ankara sahihi ingekuwaje

Ukijumlisha kodi ya mizigo mitatu, 28,000 na 42,000 na 22,245.61, unapata KSh 92,245.61. Karani alikuwa ameandika KSh 104,000. Tofauti ni KSh 11,754.39.

Kwa mnunuzi aliyesajiliwa kwa VAT, tofauti hiyo ingekuwa ya kupita tu, kwa sababu angeidai kama kodi aliyolipia manunuzi. Mama huyu hawezi. Kodi ya nyumba za kuishi haitozwi VAT Kenya, kwa hivyo anayejenga nyumba za kupangisha watu waishi hana VAT ya kukusanya kwa wapangaji na hana pa kuidai ile aliyolipa hadwea. Kila shilingi ya VAT kwenye ankara yake imekwenda moja kwa moja kwenye mjengo. Zile KSh 11,754.39 ni za vibarua wake. Ndiyo maana alipiga simu, na mjengo mwingi kati ya Kitengela na Kajiado ni wa aina hiyo.

Kwa upande wa duka, usidhani kutoza zaidi ni usalama. Kilichokusanywa kwa jina la VAT si faida ya duka.

Njia ya kurekebisha ni krediti noti, yaani hati inayopunguza au kufuta ankara ya awali na kutaja namba yake. Sheria inaipa muda wa miezi sita tangu ankara ilipotolewa, kwa hiyo hapa duka lilikuwa na muda hadi mapema Julai 2021. Tungefuta ile ya KSh 754,000 yote na kutoa mpya. Kisheria unaweza kuweka viwango viwili kwenye ankara moja kama kila mstari una kiwango chake na kodi yake, lakini kwa uzoefu wetu ni rahisi kutoa ankara tofauti kwa kila mzigo, na ile ya mzigo wa tatu iwe na mistari miwili: mmoja wa KSh 87,719.30 kwa asilimia 14 wenye namba ya muamala wa tarehe 31 Desemba, na mwingine wa KSh 62,280.70 kwa asilimia 16. Mkaguzi akiuliza mbona ankara ya Januari ina asilimia 14, jibu liko hapohapo kwenye mstari. Jumla ni KSh 742,245.61, mama ameshalipa KSh 442,000, anadaiwa KSh 300,245.61.

Krediti noti yenyewe inabeba kiwango kile kile cha ankara inayoirekebisha. Ankara mbaya ilikuwa ya asilimia 16, basi inafutwa kwa asilimia 16. Vivyo hivyo mama akirudisha bati kumi za mzigo wa pili mwezi Februari, anarudishiwa na asilimia 14 aliyolipa, ingawa Februari kiwango ni 16.

Kuna kipengele ambacho karani hakukiona kabisa, na kwa duka kinauma kuliko kile cha mama. Wakati wa mauzo unaamua pia mwezi wa kulipa KRA. Kodi ya mzigo wa kwanza, ya mzigo wa pili na ya ile sehemu ya mzigo wa tatu ni kodi ya Desemba 2020:

```
28,000 + 42,000 + 12,280.70 = 82,280.70
```

Hizo zilitakiwa kwenye ritani ya Desemba, inayojazwa iTax na kulipwa kufikia tarehe 20 Januari. Ni KSh 9,964.91 tu zinazoingia ritani ya Januari. Kwa ankara yake moja ya tarehe 5, karani angepeleka kila kitu Februari. Na angalia: KSh 28,000 za saruji zinadaiwa tarehe 20 Januari hata kama mama bado hajalipa saruji. Ukimkopesha mteja mwishoni mwa mwezi, unaikopesha pia kodi yake, kwa hiyo weka kando kiasi hicho kutoka mauzo mengine.

Kotesheni iliyosema "bei pamoja na VAT"

Mfano wetu ulikuwa na bei bila VAT, kwa hiyo kiwango kilipopanda, mteja ndiye aliyebeba nyongeza. Hadwea nyingi hazifanyi hivyo. Zinataja bei moja ya mwisho. Tuseme vigae na rangi viliandikwa KSh 171,000 pamoja na VAT, ambayo ni 150,000 na asilimia 14 yake, na kila kitu kikatokea Januari, malipo, ankara na lori. Mteja ana haki ya kusema bei ni bei. Duka litatoa kodi ndani ya hizo hizo:

```
171,000 × 16 ÷ 116 = 23,586.21
```

Linabaki na KSh 147,413.79 badala ya 150,000. Zile KSh 2,586.21 zimetoka kwenye faida ya muuzaji, na kwa bidhaa kama saruji ambayo faida yake kwa mfuko ni ndogo sana, oda kubwa ya namna hiyo inaweza kukupeleka hasara. Dawa ni sentensi moja kwenye kotesheni: bei haijajumlisha VAT, na VAT itatozwa kwa kiwango kitakachokuwa kikitumika wakati wa mauzo. Kotesheni yenyewe si ankara, kwa hiyo kuitoa Desemba hakumfungii mteja asilimia 14. Hili watu hulichanganya sana.

Kiwango kinaposhuka

Turudi nyuma hadi Aprili 2020 kwa ufupi, maana huko kanuni ile ile iliwaumiza wateja. Duka lililotoa ankara ya oda nzima tarehe 24 Machi 2020 lilikuwa limeifunga oda hiyo kwenye asilimia 16, hata kama lori liliondoka Aprili na pesa zikaja Mei, kwa sababu ankara ilitangulia. Wateja wengi walitaka ankara ifutwe na kuandikwa upya Aprili kwa 14. Kama oda imefutwa kweli, mzigo haujatoka na pesa zimerudishwa, mauzo mapya ni mauzo mapya. Kama ni karatasi tu iliyobadilishwa na simiti tayari imemwagwa kwenye msingi, krediti noti hiyo haina sababu ya kweli nyuma yake, na tarehe ya lori itaisaliti.

Na kwenye malipo ya sehemu, tahadhari inageuka upande. Tulisema kiwango kikipanda, kugawa ndiko salama kwa muuzaji. Kiwango kikishuka, aliyepokea malipo ya sehemu Machi akagawa ametoza 14 kwa salio, na ikishinda ile hoja kwamba sehemu inavuta mzigo mzima, amekusanya pungufu. Hapo anayetaka kulala usingizi anauliza KRA kabla, au anahakikisha tangu mwanzo kwamba kila malipo ya mbele yamefungwa kwa mzigo mmoja unaojitegemea na yameulipia wote.

Siku hizi ankara za eTIMS zinaifikia KRA pale pale unapozitoa, kwa hiyo ule mchezo wa zamani wa kuandika ankara Januari na kuipa tarehe ya Desemba haupo tena. Kwa hiyo wiki ya mwisho kabla ya kiwango kubadilika, toa ankara ya kila mzigo ulioshushwa na ya kila malipo yaliyoingia, siku hiyo hiyo. Usiku wa mwisho, baada ya saa sita, pakua taarifa ya miamala ya Till au Paybill yako na uihifadhi. Kama duka lako halijafika mauzo ya KSh milioni 5 kwa mwaka na hujajisajili kwa VAT, hakuna lolote kati ya haya linalokuhusu unapouza, na huruhusiwi kumtoza mteja VAT. Linakuhusu unaponunua: angalia tarehe za mizigo yako mwenyewe kabla ya kulipa ankara ya msambazaji, na ukikuta kilichomkuta mama wa Kajiado, piga simu kama yeye.